Ripoti Inapokutana na Oda: PostgreSQL au MySQL?

Duka la mtandaoni likiwa bado changa, hifadhidata yoyote inalitosha. Mambo hubadilika oda zinapoanza kumiminika kila dakika, na mwenye duka, saa hiyohiyo, anataka kuona mauzo ya mwaka mzima kwa kila bidhaa na kila mkoa. Oda hubadilisha data kidogo kidogo bila kukoma. Ripoti husoma data nyingi kwa muda mrefu, na hesabu zake lazima zilingane toka mwanzo hadi mwisho. Namna hifadhidata inavyozipatanisha kazi hizi mbili ndiyo tofauti kubwa kati ya PostgreSQL na MySQL.

Zamani watu walisema MySQL ina kasi na PostgreSQL ina nidhamu. Usemi huo umepitwa na wakati. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, MySQL huhifadhi data kwa injini iitwayo InnoDB, ambayo hulinda miamala barabara. Zote mbili humruhusu msomaji asome bila kumzuia mwandishi: ripoti iliyoanza saa tatu asubuhi inaweza kuendelea kuona hali ya saa tatu, ingawa oda mpya zinaingia. Ili hilo liwezekane, kila mstari unaobadilishwa lazima sura yake ya zamani ihifadhiwe mahali fulani. Mahali penyewe ndipo njia zinapoachana.

Fikiria daftari la duka. PostgreSQL haifuti mstari wa zamani. Huuacha palepale na kuandika mstari mpya katika daftari hilohilo. InnoDB hubadilisha mstari papo hapo, na sura ya zamani huiweka katika daftari la pembeni, kumbukumbu za kutengua. Mistari ya zamani ya PostgreSQL huondolewa baadaye na kazi ya usafi iitwayo VACUUM, inayojiendesha yenyewe kila jedwali linapokusanya mistari mifu ya kutosha. Kwa mipangilio ya kawaida, kiasi hicho ni asilimia 20 ya jedwali pamoja na mistari 50.

Sasa tuchukue duka la mfano lenye bidhaa 5,000. Linapokea oda 40 kwa dakika, na kila oda ina bidhaa tatu, kwa hiyo jedwali la akiba hubadilishwa mara 120 kwa dakika. Mhasibu anaendesha ripoti inayochukua saa mbili. Kwa muda wote huo VACUUM haiwezi kuondoa mistari iliyokufa baada ya ripoti kuanza, kwa sababu ripoti bado ina haki ya kuiona. Saa mbili zikiisha, jedwali lenye mistari hai 5,000 limebeba mistari mifu 14,400. Kila anayetafuta bidhaa sasa anapita katikati ya mizoga. VACUUM ikishafagia, nafasi hutumika tena kwa mistari mipya, lakini kwa kawaida faili halirudi kuwa dogo kama awali. Saa mbili duka litazistahimili. Muamala wa ripoti ulioachwa wazi tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu ni jambo jingine kabisa.

Dalili zake huonekana kwa swali hili fupi:

```sql
SELECT relname, n_live_tup, n_dead_tup
FROM pg_stat_user_tables
ORDER BY n_dead_tup DESC;
```

Safu ya mwisho ikizidi sana ile ya katikati na haishuki, angalia katika `pg_stat_activity` ni nani aliyeanza muamala zamani na hajaufunga.

MySQL nayo haikuepuka gharama; imeihamishia kwingine. Jedwali hubaki safi zaidi, ila kumbukumbu za kutengua hurefuka, na ripoti inayotaka sura ya saa tatu lazima irudi nyuma hatua kwa hatua, badiliko baada ya badiliko, ili kuujenga upya mstari wa zamani. Kadiri ripoti inavyochelewa ndivyo inavyojipunguzia kasi. Amri ya `SHOW ENGINE INNODB STATUS` huonyesha kipimo kiitwacho `History list length`. Kikipanda mfululizo, kuna muamala mkongwe umeshikilia mambo.

Kuna tatizo moja ambalo watu huzilaumu hifadhidata bure. Ni bidhaa moja inayogombewa na wengi. Mstari mmoja wa akiba hubadilishwa na mmoja kwa wakati mmoja, iwe PostgreSQL au MySQL. Tuseme programu inaufunga mstari, inatuma ombi la malipo kwa simu, kisha inamsubiri mteja aingize namba ya siri. Ikichukua sekunde 20, mstari huo unahudumia watu watatu tu kwa dakika. Mteja wa nne angepaswa kusubiri sekunde 60, na MySQL kwa kawaida humkatisha kwenye sekunde ya 50. PostgreSQL, isipowekewa kikomo, humwacha asubiri tu. Kuhama hifadhidata hakusaidii hapa. Kinachosaidia ni kutenga bidhaa kwa amri moja fupi na kufunga muamala kabla ya kugusa malipo:

```sql
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1
WHERE id = 812 AND idadi >= 1;
```

Amri ikirudi na jibu kwamba hakuna mstari uliobadilika, mzigo umekwisha. Malipo yasipokamilika kwa dakika chache, bidhaa hurudishwa kwenye akiba. Muamala wa namna hii humalizika kwa muda mfupi mno, na foleni hutoweka.

Kwa ripoti zenyewe, naipa PostgreSQL ushindi bila kusita. Swali linalounganisha oda, bidhaa na wateja wa mwaka mzima inaweza kuligawa kwa wafanyakazi kadhaa, kila mmoja na kiini chake cha prosesa, uwezo iliouanza katika toleo la 9.6 mwaka 2016. MySQL kwa sehemu kubwa huliendesha swali moja kwa kiini kimoja, na mbinu ya kuunganisha majedwali makubwa kwa heshi iliipata mwaka 2019 tu. Upande wa pili, PostgreSQL hufungua mchakato mzima kwa kila muunganisho, wakati MySQL hutumia uzi mwepesi zaidi. Wateja wakiongezeka, PostgreSQL huhitaji msimamizi wa miunganisho kama PgBouncer mbele yake.

Duka lililojengwa kwa WooCommerce libaki na MySQL au MariaDB, maana WordPress imeundwa kwa ajili hiyo, na kuhama kungegharimu kuliko faida yake. Anayejenga mfumo wake mwenyewe, na anajua ripoti zitakuwa nzito, ningemshauri PostgreSQL.

Katika hali zote mbili, ripoti nzito zipelekwe kwenye seva ya nakala. Kwenye PostgreSQL kuna mtego wa kuangalia: seva kuu ikishafagia mistari ambayo ripoti ya kwenye nakala bado inaisoma, nakala huvumilia sekunde 30 kisha huikata ripoti katikati. Wengi hukimbilia kuwasha `hot_standby_feedback`, na ripoti haikatwi tena kwa sababu hiyo, lakini sasa seva kuu inabakiza mistari mifu kwa niaba ya nakala, yaani shida ileile imerudi ilikotoka. Kwa nakala ya ripoti pekee, bora kuongeza `max_standby_streaming_delay` hadi muda wa ripoti ndefu kuliko zote. Mhasibu atakubali data iliyochelewa saa moja. Mteja anayelipa hatakubali kusubiri.