Ushahidi wa kazi una msimu wake

Tathmini ya utendaji kazi ya mwisho wa mwaka huamuliwa zaidi na vitu vilivyokusanywa miezi mingi kabla yake. Katika utumishi wa umma wa Tanzania mwaka huo huanza Julai na kuisha Juni, sambamba na mwaka wa fedha. Mtumishi na msimamizi wake hukubaliana malengo mwanzoni, wanayapitia katikati ya mwaka, kisha wanapima matokeo mwishoni. Utaratibu huo wa wazi uliingia mwaka 2004 kwa jina la OPRAS, ukachukua nafasi ya tathmini ya siri ambayo mtumishi hakuwa akiiona. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na utekelezaji wake. Mfumo umebadilika, lakini swali la msimamizi ni lile lile: kazi hii ilifanyika kweli, na inaonekana wapi?

Watumishi wengi huanza kulitafuta jibu mwezi Juni. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu ushahidi mwingi una wakati wake wa kuonekana, na wakati huo ukipita haurudi. Kazi ya afisa ugani wa kilimo inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko kazi nyingi za mezani.

Tuchukue mfano wa afisa ugani wa kata moja ya Kanda ya Kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja. Mtama hupandwa Desemba na kuvunwa kuanzia Mei. Malengo yake ni matatu: kufundisha wakulima 200 kupanda kwa mistari, kuongeza wanaopanda hivyo kutoka 60 hadi 120, na kupandisha mavuno ya wakulima wa mashamba darasa kutoka magunia 5 hadi 8 kwa eka.

Kila lengo linahitaji ushahidi wa aina yake, na kalenda hupangwa kwa kuanzia mwisho kurudi nyuma. Lengo la tatu ndilo gumu zaidi. Ili kuonyesha kwamba mavuno yamepanda kutoka 5 hadi 8, lazima ile 5 iwe imeandikwa mahali kabla kazi haijaanza. Wakati mzuri wa kuiandika ni Julai na Agosti, mkulima akiwa bado anakumbuka alichovuna na magunia mengine yangali ghalani. Akiulizwa Juni inayofuata atakisia, na mara nyingi atakisia kwa kumpendeza anayeuliza. Takwimu ya mwanzo iliyoandikwa mwisho wa mwaka ni dhaifu hata kama ni ya kweli, na msimamizi makini huitambua kwa tarehe yake.

Septemba hadi Novemba ni miezi ya mafunzo, na ushahidi wake ni orodha ya mahudhurio. Orodha inayofaa ina jina, kijiji, tarehe, mada na saini ya kila mhudhuriaji kwa mkono wake. Orodha iliyojazwa yote kwa mwandiko mmoja huzua shaka, hata kama watu walikuwepo. Kosa linalojitokeza sana ni la hesabu. Mafunzo matatu yaliyohudhuriwa na watu 70 kila moja yanaonekana kufikisha wakulima 210, kumbe pengine 90 kati yao ni walewale waliorudi. Lengo linasema wakulima 200, yaani watu, wala si viti vilivyokaliwa. Afisa anayelinganisha majina kila baada ya mafunzo hugundua Oktoba kwamba amefikia wakulima 120 tu, na bado ana Novemba ya kwenda kijiji ambacho hajakifikia. Anayelinganisha Juni hugundua wakati hakuna la kufanya. Kwa hiyo kukusanya ushahidi mapema kunamsaidia pia kuifanya kazi yenyewe, na hii ni faida kubwa kuliko alama.

Mapitio ya nusu mwaka hufika Desemba, mbegu zikiwa ndiyo kwanza zinaingia ardhini. Wakati huo hakuna matokeo ya shambani, lakini kuna orodha za mahudhurio na takwimu za mwanzo. Hapo pia ndipo mahali pa kusema mapema kinachokwamisha. Mvua ikichelewa, rekodi za kipima mvua zilizoandikwa kila siku, pamoja na taarifa ya mwezi iliyopelekwa wilayani, ni msingi wa kuomba lengo lirekebishwe. Sababu hiyo hiyo ikitajwa kwa mara ya kwanza Juni inasikika kama kisingizio.

Januari na Februari ni za lengo la pili. Mistari huonekana vizuri mimea ikiwa na wiki chache, na shamba linapitika. Mtama ukishapita kichwa cha mtu, kuhesabu nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari kunakuwa kazi ngumu. Afisa hutembelea mashamba, akiandika jina la mkulima, tarehe, alichokiona na saini ya mwenye shamba. Picha husaidia iwapo inaeleza ni shamba la nani na lini. Ikumbukwe kwamba picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za tarehe na mahali zilizokuwa ndani yake, hivyo nakala ya awali ihifadhiwe kwenye kompyuta ya ofisi, na maelezo yake yaandikwe siku hiyo hiyo.

Machi na Aprili hazina mengi. Zinatosha kupitia jalada na kuona pengo liko wapi.

Mei huleta mavuno, na mtego wa mwisho. Mashamba mengine hayatakuwa yamevunwa tathmini itakapofanyika. Njia inayotumika ni kupima eneo dogo: mraba wa mita 5 kwa 5 uliochaguliwa bila upendeleo ndani ya shamba huvunwa, nafaka ikapurwa, ikakaushwa na kupimwa. Mraba huo ni mita za mraba 25, na eka moja ina takriban 4,047, kwa hiyo uzito huzidishwa kwa 162. Kilo 4.5 zinamaanisha kama kilo 730 kwa eka, yaani magunia 7 na zaidi kidogo ya kilo 100. Lengo la 8 halikufikiwa, na afisa anapaswa kuandika hivyo. Kipimo kimoja pia hakitoshi: mraba ukiangukia penye mbolea nyingi hudanganya, hivyo ni vyema ipimwe miraba kadhaa katika kila shamba na kuchukua wastani. Nafaka ikipimwa ikiwa mbichi, maji yanahesabiwa kama mavuno.

Wiki mbili kabla ya kikao, kazi inayobaki ni kuchagua. Jalada lenye kurasa 100 halisomwi. Kwa kila lengo zinatosha karatasi mbili au tatu: takwimu ya mwanzo, ya mwisho, na kielelezo kimoja cha kazi iliyo katikati. Nyingine zibaki masijala zikiwa na namba ya jalada, ili msimamizi akiuliza kuhusu kijiji fulani ipatikane orodha yake palepale.