Idi ya Kwanza Baada ya Talaka

Asubuhi ya Idi nilimtumia shoga yangu ujumbe ule ule niliowatumia wote, wenye picha ya mwezi na maneno “Idi Mubarak wewe na mumeo na wanenu.” Alikuwa na wiki tano tangu apewe talaka, na mimi nilijua. Alijibu “Amin” tu. Ilipofika adhuhuri niliusoma tena nilioutuma, nikaona haya.

Tangu hapo huwa naanza na viambishi. Kiswahili chetu hubeba ndoa ndani ya neno dogo: “mnasherehekea wapi?”, “Idi njema kwenu nyote”, “mmepika nini?” Wingi huo, ambao jana ulikuwa adabu, leo unamwonyesha nafasi iliyobaki tupu. Mwandikie yeye peke yake: “Idi njema kwako”, “umeamkaje?” Dua ya “Taqabbala-llahu minna wa minkum” iache ilivyo, ina wingi wa Kiarabu, lakini hakuna anayeisikia kama salamu ya wanandoa.

Halafu kuna eda. Mwanamke aliyeachwa anayepata hedhi hukaa eda ya twahara tatu kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani. Asiyepata hedhi hukaa miezi mitatu, na mjamzito mpaka ajifungue. Ikiwa ni talaka rejea, yaani ya kwanza au ya pili, mume anaweza kumrejea kabla eda haijaisha. Kwa hiyo anayemwandikia “Mungu atakupa aliye bora zaidi” amemfungia mlango ambao huenda bado uko wazi. Anayeandika “inshallah mtarudiana” naye anamsukuma kwenye mlango ambao huenda hataki kuuona tena. Dua zote mbili zina nia njema, na zote mbili zinamwamulia. Mwombee afya, utulivu na kukubaliwa kwa funga yake. Hayo anayahitaji kwa vyovyote vile.

Baadaye nilikaa na binamu yangu, naye alikuwa na rafiki katika hali hiyo hiyo. Alikuwa ameandika hivi: “Idi Mubarak shoga. Najua Idi hii ni ngumu kwako. Nimesikia yaliyotokea, ni kweli? Kila jambo lina heri yake. Ukihitaji chochote niambie.”

Tuliupitia pamoja. “Najua ni ngumu” tuliitoa, kwa sababu wapo wanaoamka siku hiyo wakipumua kwa mara ya kwanza, na hatukujua yeye yuko upande gani. “Nimesikia” inamwambia kwamba anazungumzwa mitaani, na “ni kweli?” inamdai maelezo siku ambayo pengine ameomba asiulizwe. “Kila jambo lina heri yake” atalisema mwenyewe siku akiliona. Lililotushughulisha zaidi ni “ukihitaji chochote”. Linaonekana la ukarimu, lakini linamwachia yeye kazi ya kufikiri anachokosa kisha kuja kuomba, na mwenye huzuni haombi. Tukaweka badala yake kitu chenye saa yake:

“Assalaam alaykum shoga yangu. Idi Mubarak, Mungu akupokelee funga yako. Nimekukumbuka leo. Saa kumi kijana wangu atapita na vileja na kaimati, vimo kwenye mfuko. Mkono wa Idi wa watoto umo kwenye bahasha. Usijisumbue kunijibu.”

Mfuko haukuwekwa ovyo. Kwetu sahani hairudi tupu, na kumpelekea kombe la biriani mtu aliyerudi jikoni kwa mama yake ni kumtwisha deni la kupika. Bahasha nayo tuliiandika bila kuuliza watoto wako wapi. Huenda Idi hii wako kwa baba yao, na swali hilo lingemuumiza kuliko yote. Pesa zitawasubiri.

Mwaliko wa matembezi tuliuacha. Mtu aliye edani kutoka kwake kuna masharti, na kukataa kungemlazimu aeleze. Ni heri umfuate wewe, na si siku ya kwanza, wakati nyumba imejaa wageni na macho. Zanzibar sikukuu huenda siku nne. Upweke huingia ya pili au ya tatu, simu zikinyamaza. Binamu yangu alimwandikia jioni ya pili: “Kesho baada ya alasiri naweza kupita nikuone kidogo, mimi peke yangu. Ukiwa umechoka niambie ‘siku nyingine’ tu.” Kumtajia atakayekuja ni muhimu pwani, ambako mawifi na majirani ni watu wale wale.

Akijibu “Amin, nawe pia”, nyamaza hapo. Akiandika marefu, usimpe fatwa. Mwambie “nakusikiliza”, kisha msikilize.

Rafiki wa binamu yangu alijibu maneno mawili: “Siku nyingine.” Siku ya nne, saa tatu usiku, akapiga simu mwenyewe, akaanza kwa kuuliza vile vileja vilitiwa iliki kiasi gani.