Saa Kumi na Mbili za Kazi Huisha Lini?

Tuseme kampuni ya intaneti jijini Dar es Salaam imepokea malalamiko ya mteja Ijumaa, Julai 4, 2025, saa 9:40 alasiri. Mkataba unaipa saa 12 za kazi kumaliza tatizo. Ofisi hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Ukijumlisha kwa saa ya ukutani, unafika saa 9:40 usiku wa kuamkia Jumamosi, mafundi wamelala. Hesabu sahihi huenda kwa kupunguza salio siku baada ya siku. Ijumaa imebaki saa 1 na dakika 20 kabla ya kufunga, kwa hiyo tunadaiwa saa 10 na dakika 40. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Jumatatu ni Julai 7, Sabasaba, nayo inarukwa. Jumanne inakula saa 9 nzima, zinabaki saa 1 na dakika 40. Ukizihesabu tangu ofisi ifunguliwe Jumatano, unapata saa 3:40 asubuhi, Julai 9.

Lalamiko likiingia usiku au siku ya mapumziko, kwanza sogeza mwanzo hadi ofisi itakapofunguliwa, kisha endelea vivyo hivyo.

Utata uko mpakani. Badili mkataba uwe saa 10 na dakika 20. Salio linafika sifuri Jumanne wakati mlango unafungwa. Je, mwisho ni Jumanne saa 11:00 jioni, au Jumatano saa 2:00 asubuhi? Kwa saa za kazi ni kitu kimoja. Kwa mteja ni tofauti ya saa 15. Katika programu, tofauti hiyo hutokana na alama moja tu: `<` badala ya `<=`. Kwa maoni yangu, salio likiwa sawa na muda uliobaki wa siku, hesabu iishie siku hiyohiyo. Kuahirisha hadi kesho ni kujipendelea.

Njia ya kawaida ya kuhakiki ni kuhesabu dakika za kazi kati ya mwanzo na mwisho, uone kama zinalingana na mkataba. Ukiichukua upya kalenda na saa ya lalamiko lenyewe, hukamata sikukuu iliyosahaulika, na pia saa 9:40 ya alasiri iliyoandikwa `09:40` badala ya `15:40`, kosa jepesi kwetu tunaohesabu saa tangu mapambazuko. Lakini kosa la mpakani hupita bila kuonekana, kwa sababu majibu yote mawili yana dakika zilezile. Hilo lijaribiwe peke yake, kwa mfano unaoishia hasa wakati wa kufunga.

Halafu kuna Idd el Fitri, ambayo hungoja mwezi kuandama. Muda uliokokotolewa wiki iliyotangulia unaweza kuangukia siku ambayo sasa ni mapumziko. Ndiyo maana mfumo mzuri hutunza wakati wa kuanza na idadi ya saa zilizoahidiwa, kisha hukokotoa mwisho upya kila orodha ya sikukuu inapobadilishwa.