Kioo cha Kukuzia Kina Umbali Wake

Siku ya jua kali, chukua kioo cha kukuzia na rula, toka nje. Shika kioo juu ya udongo, jua likipita ndani yake, kisha kisogeze juu na chini taratibu mpaka mwanga ujikusanye na kuwa nukta ndogo kabisa. Pima umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye ile nukta. Ukipata sentimita 10, gawanya 100 kwa 10: lenzi yako ina nguvu ya dayopta 10. Ukipata sentimita 25, ni dayopta 4 tu. Usilitazame jua kupitia lenzi, wala usikiache kioo dirishani. Watoto wa Ngara na Biharamulo wanajua vizuri kinavyowasha majani makavu wakati wa kiangazi.

Nimeanza na jua kwa sababu namba hiyo ndiyo inayokosekana pale ndugu wanapomnunulia kioo mzee aliyeshindwa kusoma. Wanachagua kikubwa kuliko vyote, wakidhani upana ndio nguvu. Ni kinyume chake. Lenzi yenye nguvu huwa imevimba katikati, na iliyovimba sana haiwezi kuwa pana. Kile kioo kipana kama kisahani mara nyingi hakifiki hata dayopta 5. Mzee anakijaribu siku mbili, anakifungia kabatini, na nyumba nzima inaamini kwamba macho yake hayana msaada tena.

Tuelewe kwanza kilichoharibika. Ukuta wa nyuma ndani ya jicho unaitwa retina, na katikati yake pana sehemu ndogo, makula, inayofanya kazi ya kusoma na kutambua sura za watu. Makula ikichakaa kwa uzee au ikipata kovu, katikati ya kila unachokitazama panaingia ukungu, lakini pembeni kunabaki salama. Ndiyo maana mzee asiyeweza kusoma ujumbe wa simu anaweza kutembea shambani bila kujikwaa na kuokota punje ya kahawa iliyoanguka, na majirani wakasema anajifanya. Hajifanyi. Lenzi haiponyi makula. Inachofanya ni kuitanua herufi mpaka ivuke ule ukungu wa katikati na kuiangukia sehemu ya retina iliyo hai.

Sasa tuseme yuko mwalimu mstaafu wa Rulenge. Ameshapimwa, hana mtoto wa jicho, miwani imejaribiwa, na jicho lake bora linaona 6/60. Maana yake, herufi ambayo jicho zima huisoma kwa mita 60, yeye anaisoma kwa mita 6. Hesabu ya kuanzia ni rahisi: 60 gawanya kwa 6, unapata dayopta 10. Na mantiki yake ni hii. Karatasi ikiwa sentimita 40 kutoka machoni, anasoma herufi zenye ukubwa mara nne ya zile za gazeti. Ili asome gazeti, inabidi alisogeze karibu mara nne, yaani sentimita 10. Jicho la mtu mzima wa miaka 70 haliwezi kujirekebisha lenyewe kwa umbali huo, hivyo lenzi ya dayopta 10 inalifanyia kazi hiyo.

Lakini hapo anasoma kwa kubahatisha, neno moja moja, kwa sababu herufi zimefika tu kwenye ukomo wa uwezo wake. Akitaka kusoma sura nzima ya Biblia anahitaji akiba, na pengine ataishia kwenye dayopta 16 au 20. Dayopta 20 ni sentimita 5 kutoka kwenye karatasi, na kidirisha cha kusomea kinakuwa kidogo sana. Nguvu ikiongezeka, eneo linapungua. Hakuna kiwanda kilichowahi kulikwepa hilo. Kwa hiyo kabla ya kupandisha namba, ongeza mwanga. Keti mlangoni, mwanga utokee upande wa jicho lililo bora na uangukie karatasi, si uso. Mara nyingi hilo peke yake linaokoa hatua nzima ya nguvu.

Usihangaike na alama ya “mara” iliyoandikwa kwenye mpini. Viwanda vingine hugawanya dayopta kwa 4, vingine hugawanya kisha huongeza 1, hivyo lenzi ileile ya dayopta 10 inauzwa huku kama mara 2.5 na kule kama mara 3.5. Uliza dayopta.

Kuna kosa jingine ambalo hata sisi wapimaji husahau kulieleza. Kioo cha kushika mkononi, kikiwa kwenye umbali wake sahihi, hutumika bila miwani ya kusomea. Kioo chenye miguu, kile kinachokaa juu ya karatasi, mzee anahitaji kukitumia akiwa amevaa miwani yake ya kusomea. Ukibadilisha, maandishi yanafifia na lawama inakwenda kwa lenzi. Mwenye mikono inayotetemeka apewe chenye miguu. Vyovyote vile, jicho lisogee karibu na lenzi. Ukiirudisha mbali na uso, maneno yanayoonekana kwa pamoja yanapungua.

Halafu mwalimu wetu afundishwe kutazama pembeni. Mtu aketi mbele yake, naye aufikirie uso huo kuwa katikati ya saa ya ukutani. Aelekeze macho saa sita, kisha saa tisa, kisha saa tatu, mpaka apate mahali ambapo pua na mdomo vinajitokeza. Mwelekeo huo ndio atakaoutumia kusomea. Mwanzoni unachosha, kwa hiyo afanye dakika chache mara kadhaa kwa siku.

Darubini ni habari nyingine: ni ya vitu vya mbali. Mfano mzuri ni mwanafunzi mwenye ualbino anayeona 6/36. Darubini ndogo ya mkononi inayokuza mara 4 inaweza kumfikisha karibu na 6/9, akasoma ubao. Autafute ubao kwa macho matupu kwanza, ndipo aipandishe darubini jichoni, kiwiko kikiegemea dawati, kwa kuwa inakuza na mtetemo pia. Asitembee akiitazamia, kwani vitu huonekana vipo karibu kuliko vilivyo. Ila kumtoa mita 6 na kumketisha mita 1.5 kutoka ubaoni ni kukuza mara 4 vilevile, na hakugharimu senti. Akiliinamia daftari hadi pua iliguse, mwacheni, haharibu macho.

Anzeni hospitali iliyo karibu, Murgwanza kwa wa Ngara au ya wilaya kwa wa Biharamulo, kwa sababu mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji na wengine wanachohitaji ni miwani ya kawaida tu. Ikibidi rufaa ya Bugando, Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kungoja kivuko. Nendeni na kile hasa mnachotaka kukisoma, iwe Biblia, simu au stakabadhi ya kahawa, na msiondoke bila kuandikiwa mambo mawili: dayopta ya lenzi, na sentimita za kuishikia.