Mkono Unaochomoka Begani

Katuni ni mtu wa kawaida, na mkono wake una vipande vitatu: mkono wa juu, kigasha na kiganja. Mchoraji anamleta kwenye After Effects, anageuza kipande cha juu nyuzi 40 ili mtu apunge, na mambo yanaharibika papo hapo. Kipande kinazunguka kwa katikati yake, ncha inachomoka begani, kigasha kinabaki peke yake hewani.

Chanzo ni nukta ambayo programu huiita Anchor Point. Leya huzunguka, hukua na hupungua kuizunguka nukta hiyo. Mchoro wa Illustrator ukiingizwa kwa chaguo la `Composition - Retain Layer Sizes`, nukta hukaa katikati ya kila kipande. Ukiingizwa kama `Composition` tu, hukaa katikati ya fremu nzima. Mlango nao usingefunguka vizuri kama bawaba ingefungwa katikati ya ubao.

Bonyeza `Y`, kisha buruta nukta: ya mkono wa juu ikae begani, ya kigasha kiwikoni, ya kiganja kifundoni. Usibadilishe tarakimu za Anchor Point kwa kuziandika, maana mchoro wenyewe utahama. Kifaa cha `Y` hurekebisha na Position kwa wakati mmoja, ndiyo maana kazi hii hufanywa kabla ya kuweka mwendo wowote.

Sasa unganisha. Katika safu ya `Parent & Link`, kiganja mzazi wake awe kigasha, kigasha kimfuate mkono wa juu, nao ufuate kiwiliwili. Mtoto hufuata mwendo, mzunguko na ukubwa wa mzazi, lakini mzazi hamfuati mtoto. Jaribu: geuza bega, mkono wote uende, geuza kiganja, kingine chochote kisitikisike.

Kumhamisha mtu mzima, tengeneza Null Object, leya isiyoonekana kwenye video iliyokamilika. Nukta yake iweke chini kati ya nyayo, ili akipunguzwa miguu isielee. Hapa wengi huchagua leya zote na kuzipa mzazi huyo mmoja. Leya ina mzazi mmoja tu, kwa hiyo mnyororo wa mkono hukatika. Mpe kiwiliwili peke yake, na miguu kama haijaungwa nacho. Kumfifisha mtu kwa Opacity ya Null hakutafanya kitu, kwani mwanga haurithiwi.

Unganisha Null ikiwa na Scale ya 100. Ikiwa tayari ni 60, programu hulinda mwonekano wa wakati ule kwa kumpa mtoto Scale ya 166.7, ukiirudisha Null kwenye 100, mtu wako anavimba. Ukiona tarakimu kama hiyo kwenye kiwiliwili ambacho hukukigusa, tengua muungano, rudisha Null kwenye 100 na kiwiliwili kwenye ukubwa wake, kisha uunganishe upya.