Runinga Janja na Mashine za Michezo Ndani ya VPN

VPN ni njia iliyosimbwa inayobeba mawasiliano ya kifaa hadi kwenye seva ya mbali, hata huduma zinazofikiwa zikaona anwani ya seva hiyo badala ya ile ya nyumbani. Runinga janja nyingi, pamoja na mashine za michezo kama PlayStation, hazina programu ya kuifungua njia hiyo, hivyo njia hiyo hulazimika kufunguliwa na kifaa kinachozigawia intaneti.

Kifaa kinachofikiriwa kwanza ni simu, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa kawaida, katika Android na iPhone, VPN hubeba mawasiliano ya simu yenyewe tu. Yanayotoka kwenye hotspoti hupita pembeni hadi kwa kampuni ya simu, ingawa alama ya VPN inaonekana juu ya kioo.

Kompyuta ya mpakato yenye Windows 10 au 11 huweza kazi hiyo. Huwashwa kwanza `Mobile hotspot`, kisha VPN, halafu hubonyezwa Windows na R kwa pamoja na kuandikwa amri hii:

```
ncpa.cpl
```

Dirisha linalofunguka huonyesha miunganisho yote, ukiwemo wa VPN na ule wa hotspoti, ambao huitwa `Local Area Connection*` ukifuatiwa na namba, na chini yake huandikwa `Microsoft Wi-Fi Direct Virtual Adapter`. Kinachofunguliwa ni `Properties` ya muunganisho wa VPN, kwa kuwa ndio unaogawa. Katika ukurasa wa `Sharing` hutiwa alama ya kuruhusu ugavi, kisha hotspoti huchaguliwa kuwa mpokeaji. Wanaogeuza mpangilio huo hawapati kitu.

Runinga ikishaunganishwa hupewa anwani inayoanza na 192.168.137, lakini hiyo huthibitisha hotspoti tu. Ili kuithibitisha VPN, kivinjari cha runinga hufunguliwa kwenye tovuti inayoonyesha anwani ya umma, nayo hulinganishwa na ile inayoonekana kwenye kompyuta: zikitofautiana, ugavi bado unatoka kwenye waifai ya kawaida. Intaneti ikikatika baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa, mara nyingi hutosha kuiondoa alama ya ugavi na kuirudisha.

Kwa mashine ya michezo, kupakua huenda vizuri, ila kipimo cha mtandao cha PlayStation huweza kuonyesha `NAT Type 3`, yaani vifaa vya wachezaji wengine haviwezi kuanzisha mawasiliano nayo, na maongezi ya sauti hukwama. Anayecheza na wenzake mtandaoni afadhali aiache VPN.

Ruta huondoa haja ya kuacha kompyuta ikiwaka, mradi iweze yenyewe kujiunga na VPN, kama ziwezavyo ruta zenye mfumo wa OpenWrt. Maneno `VPN Passthrough` kwenye boksi hayamaanishi hivyo. Yanasema tu kwamba ruta haitaizuia VPN iliyofunguliwa na kifaa kingine. Aidha, prosesa ya ruta ya bei nafuu hulemewa na usimbaji wa OpenVPN hadi picha ikasimama kila mara, ilhali WireGuard haiilemei kiasi hicho.