Goti Linapogongwa: Ishara Huingilia Nyuma, Hutokea Mbele

Mchoro huu umo karibu katika kila kitabu cha baiolojia cha sekondari. Katikati pamechorwa ugwe wa mgongo, ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya pingili za uti, ukiwa umekatwa mkato wa kukingama. Ndani yake mna eneo la kijivu lenye umbo la kipepeo. Mshale mmoja unaingia kwa upande wa nyuma, mwingine unatoka kwa upande wa mbele na kwenda hadi kwenye msuli.

Kwa kawaida mchoro huonyesha kidole kilichogusa moto. Lakini njia iliyo fupi kuliko zote, na ambayo madaktari huitumia kila siku, ni ile ya goti.

Mgonjwa huketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Daktari hugonga kwa nyundo ya mpira ukano ulio chini kidogo ya pia ya goti, na mguu huruka mbele. Watu wengi hudhani kinachohisi pigo hilo ni ngozi au goti lenyewe. Sivyo. Ukano ukigongwa, huuvuta ghafla msuli mkubwa wa mbele ya paja, na ndani ya msuli huo mna vipokezi vidogo mno ambavyo kazi yake ni kutambua kwamba msuli umevutwa. Mchoro unaanzia hapo, pajani.

Kutoka kwenye kipokezi, ishara ya umeme husafiri katika seli ya neva ya hisi kwa kasi inayokaribia mita 60 kwa sekunde. Hupanda paja, hupita kiunoni, kisha huingia kwenye ugwe kupitia mzizi wa nyuma. Penye mzizi huo mchoro huonyesha uvimbe mdogo, nao haukuwekwa kama pambo: ndimo ulimo mwili wa seli ya hisi. Ugwe wenyewe huishia juu ya kiuno, kwa hiyo sehemu inayopokea habari za goti iko karibu na usawa wa mbavu za chini kabisa.

Ndani ya eneo la kijivu, ncha ya seli ya hisi hukaribiana na seli ya mwendo bila kugusana nayo. Kemikali huvuka mwanya huo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika habari ya moto kuna seli ya tatu katikati. Katika goti hakuna, seli mbili zinatosha. Seli ya mwendo hutoa amri kupitia mzizi wa mbele, amri hushuka hadi kwenye msuli uleule uliovutwa, nao hujikunja. Papo hapo, tawi jingine la seli ya hisi huamsha seli ndogo inayoituliza misuli ya nyuma ya paja, isije ikaupinga mguu unaoruka. Tangu pigo hadi msuli kuanza kuitika hupita takriban sehemu 20 za elfu ya sekunde.

Kuna mstari mmoja ambao michoro mingi huuacha, nao una uzito mkubwa hospitalini: neva zinazoshuka kutoka kwenye ubongo na kuidhibiti seli ya mwendo. Ubongo hauhitajiki ili mguu uruke, lakini ndio unaozuia usiruke kupita kiasi.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika magonjwa mawili yanayolemaza miguu. Virusi vya polio huua seli za mwendo zenyewe, katika pembe ya mbele ya eneo la kijivu. Mgonjwa anahisi akiguswa, lakini mguu umelegea, na nyundo ikigonga goti hakuna kinachotokea. Konzo ni kinyume chake. Ugonjwa huu unahusishwa na sianidi iliyobaki katika muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, hasa kwa watu wanaokosa protini. Ulizuka wilayani Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa 1985. Kinachoharibika ni zile neva zinazoshuka, huku seli za goti zikibaki nzima. Miguu hukakamaa, na pigo dogo tu huufanya mguu uruke kwa nguvu.

Hata hivyo, goti peke yake halitoshi kutoa hukumu. Wapo watu wazima wa afya ambao mguu wao huitika kidogo mno. Daktari huwaambia wafungamanishe vidole vya mikono na kuvuta, na mara nyingi mguu huamka. Wapo pia ambao mguu huruka sana bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana vigezo vya konzo vya Shirika la Afya Duniani vya 1996 vinataka mambo kadhaa yaonekane pamoja: mwendo uliokakamaa kwa miguu yote miwili, ulemavu ulioanza ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima na usioendelea kuzidi, na magoti au vifundo vya miguu yote miwili vinavyoitika kupita kiasi, bila dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo.